Robo ya maini kwa wiki: kununua, kugawa na kupika bila kuzidisha vitamini A

Kwenye bucha nyingi za Kondele na Kibuye mjini Kisumu, au kule Bondeni mjini Nakuru, bei ya kilo ya maini haiachani sana na ya nyama ya kawaida, na siku nyingine maini ndiyo huwa juu. Ndiyo maana mtu akiambiwa maini ni chakula cha bei nafuu hujiuliza unafuu wenyewe uko wapi. Uko kwenye kipimo. Robo ya nyama haiwatoshi watu watano kwa mlo mmoja, lakini robo ya maini, yaani gramu 250, inawatosha watu hao kwa wiki nzima, na hapo si ubahili: zaidi ya hapo inaanza kuwa nyingi mno kwa walio wadogo. Kilo ikiwa shilingi 600, robo ni 150, na ukiigawa kwa watano ni shilingi 30 kwa kila mtu kwa wiki.

Hapa tutaishika familia moja mpaka mwisho: baba, mama anayenyonyesha, binti wa miaka 15, mtoto wa miaka 5 na mdogo wa miezi 10. Ukielewa hesabu yao, ya nyumbani kwako utaifanya mwenyewe.

Kwa nini maini yana kikomo

Ini ndilo ghala la mwili la vitamini A. Ng'ombe hula majani mabichi, mwili wake unageuza rangi ya majani hayo kuwa vitamini A kamili, inayoitwa retinoli, na ziada yote inawekwa kwenye ini. Ukila ini, unakula akiba ya miezi mingi ya mnyama mzima. Vitamini hii huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji, kwa hiyo ikizidi haitoki na mkojo kama vitamini C. Inaenda kulala kwenye ini lako na wewe. Ukila kidogo mara moja kwa wiki, mwili unaitoa polepole na kuitumia. Ukila sahani kubwa kila siku kwa wiki kadhaa, ghala linajaa, na kinachomwagika ndicho kinachodhuru.

Dalili za kuzidisha kwa muda mrefu huanza kimyakimya: midomo mikavu inayopasuka, ngozi inayobambuka, nywele kunyonyoka, kichwa kuuma mara kwa mara, kichefuchefu, maumivu ya mifupa na viungo. Kwa mtoto mchanga, utosi unaweza kuvimba. Na tatizo hili si la vidonge vya kisasa tu. Mifupa ya binadamu wa kale yenye namba KNM-ER 1808, iliyopatikana Koobi Fora kando ya Ziwa Turkana mwaka 1973, ina utando mnene wa mfupa usio wa kawaida, na baadhi ya wataalamu walioichunguza walisema huenda mwenyewe alikula maini ya wanyama wala nyama kupita kiasi. Wengine wanatoa sababu tofauti, lakini inatosha kuonyesha jinsi retinoli nyingi inavyoweza kufika hadi kwenye mfupa.

Jambo moja huwachanganya wengi. Sukuma wiki, managu, karoti, maembe na viazi vitamu vya rangi ya chungwa vinavyolimwa sana upande huu wa magharibi pia husemwa kuwa na vitamini A. Kwa kweli vina malighafi tu, beta-karotini, na mwili hugeuza kiasi unachohitaji na kuacha kinachobaki. Huwezi kupata sumu ya vitamini A kwa kula sukuma. Kikomo tunachokizungumzia ni cha retinoli, ile inayotoka kwa wanyama na kwenye vidonge.

Hesabu yenyewe

Gramu 100 za ini bichi la ng'ombe zina takriban mikrogramu 5,000 za vitamini A. Kwa hiyo kanuni ya kukumbuka ni rahisi: kila gramu moja mbichi, hesabu mikrogramu 50. Pima likiwa bichi, kwa sababu likiiva hupoteza maji na kupungua uzito kwa robo hivi au zaidi, lakini vitamini inabaki karibu yote. Ndiyo maana jedwali la chakula kilichopikwa litakuonyesha 7,000 au hata 9,000 kwa gramu 100. Ini ni lilelile, maji ndiyo yamepungua.

Sasa kikomo cha retinoli. Kwa mtu mzima ni mikrogramu 3,000 kwa siku kwa wastani, kwa kijana wa miaka 14 hadi 18 ni 2,800, kwa mtoto wa miaka 4 hadi 8 ni 900, na kwa aliye chini ya miaka 4 ni 600. Neno muhimu hapo ni wastani. Mwili unaangalia wiki na miezi, si mlo mmoja, isipokuwa kwa mjamzito ambaye tutamfikia mbele. Kwa hiyo zidisha mara saba: mtu mzima ana nafasi ya 21,000 kwa wiki, binti 19,600, mtoto wa miaka 5 ana 6,300, na yule wa miezi 10 ana 4,200.

Robo nzima ya maini ina mikrogramu 12,500. Kwa baba na mama peke yao hiyo si tatizo. Tatizo ni watoto, maana nafasi yao ni ndogo na tayari inaliwa na vitu vingine. Mafuta ya kupikia na unga wa mahindi wa pakiti nchini Kenya huongezwa vitamini A kwa lazima ya sheria tangu mwaka 2012. Maziwa na mayai yanayo pia. Halafu kuna matone ya vitamini A yanayotolewa kliniki kila baada ya miezi sita. Usijaze nafasi yote kwa maini ukidhani hakuna kingine kinachoingia.

Kununua

Nenda asubuhi. Ini lina damu nyingi na unyevu, na huharibika mapema kuliko nyama ya paja. Kama huna friji, nunua siku ambayo utapika baada ya saa chache tu. Ukiwa na friji, siku moja au mbili, basi.

Ini zuri lina rangi moja ya kahawia iliyoiva kuelekea wekundu, linang'aa, limelowa bila kuteleza kama kamasi, na ukilibonyeza kwa kidole linarudi. Harufu yake ni ya damu mbichi. Likinuka uchachu, au kingo zimekauka na kuwa nyeusi, liache.

Mwambie muuzaji bila haya: "Omera, nikatie robo upande ule mnene, usiniwekee mishipa." Upande mnene una nyama safi. Upande ilikokaa nyongo una mirija mingi, na hapo ndipo uangalie kwa makini akikata. Mirija ya nyongo ikiwa minene, myeupe, migumu na inayokwaruza kisu kama ina mchanga, ng'ombe huyo alikuwa na minyoo bapa ya ini, inayoonekana kama majani madogo ya kijivu. Ugonjwa huu ni wa kawaida kwa mifugo inayolishwa kwenye majimaji. Binadamu haambukizwi minyoo hiyo kwa kula ini lililoiva, anaipata kwenye mimea na maji machafu, lakini ini lililoharibika hivyo halifai kuuzwa na wewe usilipe. Ukiona vifuko vyenye maji meupe ndani au usaha wa njano, kataa ini zima, usikubali kukatiwa pembeni. Kama ni mnyama mliyechinja nyumbani, vifuko hivyo visitupiwe mbwa. Vifuko hivyo ni vya tegu, na mbwa ndiye anayemkuza tegu huyo na kuwarudishia watu mayai yake kwa kinyesi. Choma au fukia kwa kina.

Mhuri wa mkaguzi huwa kwenye mzoga, si lazima uwe kwenye ini. Angalia nyama inayoning'inia. Na kwa nyama ya mnyama aliyekufa mwenyewe au aliyechinjwa haraka kwa sababu alikuwa anaumwa, ini na figo ndivyo vya kwanza kukataa, kwani mabaki ya dawa alizodungwa hukaa humo zaidi ya mahali pengine. Kimeta nacho hakichagui kiungo: mnyama aliyekufa ghafla hafai kuliwa hata ukwato.

Wapo wanaoepuka maini wakisema ini ndiko sumu zote za mnyama zinakokaa. Ini linachuja na kuvunja sumu nyingi, halizihifadhi zote kama pipa la taka. Linachohifadhi kwa wingi ni vitamini A, shaba, chuma na vitamini B12, na ndiyo sababu ya kulinunua na pia sababu ya kulipima.

Kugawa kabla ya kupika

Kosa kubwa jikoni ni kupika kwanza na kugawa mezani. Mtoto akipenda anaongezwa, asiyependa anampa mwenzake, na mwisho wa siku hakuna anayejua nani alikula nini.

Ondoa utando kwanza. Chanja kidogo pembeni kwa ncha ya kisu, ingiza kidole gumba chini ya utando na uusukume huku ukiuvuta kwa mkono wa pili. Unatoka kama karatasi nyembamba. Ukiuacha, unajikunja kwenye moto na kufanya kipande kuwa kama raba. Toa na mirija mikubwa. Ukiona doa la kijani, ni nyongo ilimwagika. Likate kwa upana, kwa sababu uchungu wake hautoki kwa kuosha na unaambukiza mchuzi wote.

Sasa kata robo yako vipande 8 vinavyolingana. Kila kipande ni kama gramu 30, ukubwa wa sanduku la kiberiti. Mama achukue viwili, binti viwili, mtoto wa miaka 5 kimoja. Kipande kimoja kigawe mara tatu: theluthi moja ni ya mdogo wa miezi 10, na theluthi mbili ziende kwa baba pamoja na vipande vyake viwili.

Ukiweka hesabu, mama na binti kila mmoja amepata kama mikrogramu 3,100 kwa wiki, na baba 4,150, yote chini sana ya kikomo. Mtoto wa miaka 5 amepata kama 1,500 kati ya nafasi yake ya 6,300. Mdogo amepata kama 500 kati ya 4,200. Nafasi iliyobaki ni ya mafuta, unga, maziwa na mayai, na pia ya kutojua. Ini la ng'ombe mzee aliyelishwa majani mabichi linaweza kuwa na vitamini A nyingi kuliko wastani, na hakuna anayelipima pale bucha. Ini la kondoo huwa na zaidi, karibu 75 kwa gramu, na la mbuzi lihesabu vilevile kwa tahadhari. Siku ya ini la kondoo, punguza kila fungu kwa theluthi moja.

Linganisha na kosa tunalolisikia sana. Mtoto wa miezi 10 ameambiwa damu iko chini baada ya malaria, basi anapewa kipande cha kiberiti kila siku, mwezi mzima. Hiyo ni mikrogramu 1,500 kwa siku, mara mbili na nusu ya kikomo chake, na bado hujahesabu matone ya kliniki. Nia ni njema na chakula ni kizuri, ila kimetolewa kama dawa bila kipimo.

Kupika

Osha vipande haraka kwa maji baridi na uvikaushe kwa kitambaa safi. Kama harufu inawasumbua watoto, loweka nusu saa kwenye maziwa au maji yenye limau, kisha mwaga. Hilo hupunguza harufu na damu. Halipunguzi vitamini A hata kidogo, maana haiyeyuki kwenye maji. Kuchemsha na kumwaga supu nako hakupunguzi, kunakuondolea vitamini B tu.

Kipande kilichotengwa kwa ajili ya kila mtu kikate vibanzi vya unene wa kidole kidogo, ukiweka cha watoto upande mmoja wa sahani. Pasha karai pana mpaka mafuta vijiko viwili yaanze kutetemeka, kisha panga vibanzi bila kubebana. Vikirundikana, vinatoa maji na kuchemka badala ya kukaanga. Hapa ndipo wengi hukosea, na kisha wanalaumu ini kuwa gumu. Dakika mbili upande mmoja bila kuvigusa, geuza, dakika mbili tena, toa weka pembeni.

Kwenye mafuta yaleyale kaanga kitunguu kimoja kikubwa, kisha nyanya mbili na hoho ukipenda, mpaka nyanya zivunjike. Rudisha maini, funika, moto mdogo, dakika tatu hadi nne. Chumvi iwe ya mwisho, maana ikitangulia inavuta maji na kukaza nyama. Dania juu, basi.

Pasua kibanzi kinene kuliko vyote. Katikati pawe na rangi ya kahawia kote na maji yanayotoka yawe safi. Wekundu ukibaki, rudisha moto. Kwa maini ya kuku hili si la ladha bali la usalama, kwa kuwa bakteria wa kuhara huweza kuwa ndani kabisa ya ini la kuku na si juu tu, hivyo ini la kuku lenye uwaridi katikati si la kupakua. Lakini ukipita hapo na kuendelea kuchemsha nusu saa "ili yaive vizuri", maini yanakuwa chaki. Yakishaiva yameiva.

Kwa mdogo wa miezi 10, toa theluthi yake kabla ya chumvi, iponde kwa uma au ipitishe kwenye kichungi hadi iwe laini, na uichanganye na kiazi kilichopondwa au ugali mwororo wenye mchuzi. Itakuwa kijiko kimoja cha chai kilichojaa, na itaonekana haitoshi. Inatosha.

Chai ya maziwa iliyokolea ingojee angalau saa moja baada ya chakula. Majani ya chai hushika madini ya chuma, hasa yale ya mboga na maharagwe yaliyo kwenye sahani hiyohiyo. Ugali na sukuma, na chungwa au nyanya mbichi pembeni, ni mpango bora.

Mjamzito

Ushauri hapa ni wa moja kwa moja: mjamzito, na anayetafuta mimba, aache maini ya aina yoyote. Retinoli nyingi katika wiki za mwanzo inaweza kuharibu uumbaji wa uso, moyo na ubongo wa mtoto, na wiki hizo mara nyingi mama mwenyewe hajajua. Kwake yeye siku moja ina uzito: gramu 100 tu za ini bichi, sahani ya kawaida, ni mikrogramu 5,000, zaidi ya kikomo cha siku cha 3,000. Mgao wetu wa vipande viwili vya kiberiti nao unagusa 3,000. Ndiyo maana kwenye familia yetu mama ni anayenyonyesha. Angekuwa mjamzito, vipande vyake vingebadilishwa na moyo.

Aliyekula sahani moja kabla ya kujua ana mimba asipoteze usingizi. Aache, na aseme kliniki. Vidonge vya chuma na foliki asidi anavyopewa huko havina vitamini A, kwa hiyo aendelee navyo. Vya kuangalia ni multivitamini za kununua dukani na mafuta ya ini la samaki. Soma lebo: 10,000 IU za retinoli ni sawa na mikrogramu 3,000.

Siku nyingine za wiki

Hapa ndipo wapenda maini wanapojikwaa. Robo kwa wiki inaleta vitamini A na B12 kwa wingi, lakini chuma chake hakitoshi. Gramu 100 mbichi za ini la ng'ombe zina miligramu 5 hivi za chuma. Binti wetu kwa vipande vyake viwili amepata miligramu 3, na anahitaji 15 kila siku. Jibu si kuongeza maini. Jibu ni viungo vyenye chuma bila retinoli.

Moyo ndio wa kwanza. Una chuma zaidi ya miligramu 4 kwa gramu 100, karibu mara mbili ya nyama ya kawaida, na vitamini A yake ni kama hakuna. Mjamzito na mtoto wanaweza kuula kama nyama nyingine yoyote. Toa mafuta ya juu na mishipa migumu ya ndani, ukate vipande vidogo na uuchemshe taratibu saa moja na nusu au mbili, maana ni msuli uliofanya kazi maisha yote.

Wengu, au bandama, wengi huupita bila kuuangalia, au unaishia kwenye mutura. Una chuma zaidi ya miligramu 40 kwa gramu 100, mara nane ya ini. Haupendezi machoni, kwa hiyo usiukate vipande. Pasua ngozi yake kwa urefu, kisha kwangua ndani kwa kijiko kama unatoa nyama ya parachichi. Utapata ujiuji mzito wa rangi ya damu. Changanya vijiko viwili vya chakula kwenye nusu kilo ya nyama ya kusaga au kwenye mchuzi wa nyanya, upike mpaka ubadilike kabisa kuwa kahawia. Hakuna atakayejua, ila binti atakuwa amekula chuma cha maana.

Figo lina chuma kama cha ini na vitamini A kidogo tu, 400 hivi kwa gramu 100, hivyo mara moja kwa wiki halina shida. Lipasue katikati, ondoa ile sehemu nyeupe yote, kwani ndiko inakotoka harufu ya mkojo. Matumbo nayo tuseme ukweli wake: ni matamu, yanajaza, yana protini, lakini chuma hayana. Usimnunulie mgonjwa wa upungufu wa damu ukidhani umemtibu.

Kwenye kuku kuna kitendawili. Kwa Waluhya firigisi, imondo, ni ya baba, na heshima hiyo ibaki. Lakini kwa lishe, ini la kuku ndilo lenye mali: chuma miligramu 9 kwa gramu 100, karibu mara mbili ya la ng'ombe, na retinoli kidogo kuliko la ng'ombe, kama 33 kwa gramu. Kuku mmoja hutoa ini la gramu 30 hivi. Mpe binti.

Wa kuuliza daktari kwanza

Mwenye jongo aepuke viungo hivi vyote, kwa sababu vina purini nyingi zinazogeuka kuwa asidi ya yuriki na kuamsha maumivu. Mtoto mwenye selimundu anayeongezewa damu mara kwa mara anaweza kuwa na chuma kilichozidi tayari, ingawa damu yake iko chini, basi wengu na maini visianzishwe bila ruhusa ya kliniki yake. Mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe nyingi hulemewa na retinoli mapema kuliko wengine. Wazee wasipite mara moja kwa wiki, kwani retinoli nyingi ya miaka hudhoofisha mifupa. Anayetumia dawa za chunusi za isotretinoini asile maini kabisa, maana dawa hizo ni ndugu wa vitamini A. Na mtoto mwenye viganja vyeupe, anayehema haraka au asiyeweza kucheza, anapelekwa hospitali siku hiyohiyo. Chakula kitafuata baadaye.

Ukigundua mmezidisha

Simamisha maini na mafuta ya ini la samaki kwa kila aliyezidisha. Mboga na viazi vitamu viendelee, havihusiki. Kama mtoto wa chini ya miaka 5 amekuwa akila maini karibu kila siku, nenda na kijitabu cha mama na mtoto, umwambie mhudumu kiasi na idadi ya wiki, ili yeye aamue kuhusu matone yanayofuata. Wiki ya matone, hata kama hukuzidisha, ruka fungu la maini la mtoto. Akiba iliyojaa hushuka kwa wiki na miezi, kwa hiyo usitarajie midomo ipone kesho. Lakini mtoto akiwa na utosi uliovimba, anatapika, analala kupita kawaida au analia kwa kichwa, usingoje akiba ishuke. Mbebe sasa.